Basi limejaa, faida iko wapi? Kutafuta gharama ya kumbeba abiria mmoja kilomita moja

Wenye mabasi ya Mombasa kwenda Malindi wana lalamiko moja. Basi linatoka Mwembe Tayari limejaa, nauli inakusanywa, na mwezi ukiisha hakuna anayeweza kusema faida ilikwenda wapi. Kondakta anashukiwa, dereva anashukiwa, dizeli inalaumiwa. Huenda wote wana lao, lakini kabla ya kumshuku mtu kuna swali ambalo mwenye basi huwa hajalijibu: kumbeba mtu mmoja kwa kilomita moja kunamgharimu pesa ngapi?

Wahasibu wa usafiri huhesabu kwa kipimo hicho, nami nitakiita kilomita-abiria: abiria mmoja akibebwa kilomita moja. Hesabu kwa kichwa peke yake haifai, kwa sababu anayeshukia Mtwapa na anayekwenda mpaka Malindi wote ni kichwa kimoja ilhali mmoja amebebwa masafa mara sita ya mwenzake. Hesabu kwa kilomita za basi peke yake nayo haifai. Basi tupu na basi lililojaa hunywa mafuta karibu sawa, lakini moja linalipiwa na watu 50 na jingine halilipiwi na yeyote. Kilomita-abiria inaunganisha mambo yote mawili: umbali uliokwenda, na watu waliokuwa wamekaa vitini wakati ukienda.

Kanuni yenyewe ni mstari mmoja: gharama zote za mwezi zikigawanywa kwa kilomita-abiria zote za mwezi. Kazi ni kuzipata namba mbili hizo bila kujidanganya.

Tuchukue kampuni ya kubuni, na bei zake ni za kudhania, ili hesabu ionekane. Ina mabasi matatu, kila moja lina viti 50 vya abiria. Ni vya abiria tu. Kiti cha dereva na cha kondakta havimo. Kutoka Mombasa hadi Malindi tuseme ni kilomita 120, na kila basi huenda na kurudi mara mbili kwa siku, yaani safari nne. Hufanya kazi siku 25 kwa mwezi, zilizobaki ni za gereji na mapumziko. Mabasi matatu yatafanya safari 300, sawa na kilomita 36,000 barabarani yakiwa na abiria.

Lakini mita za magari zitasoma zaidi ya hapo. Basi hulala uani, na asubuhi hutoka uani kwenda steji bila mtu, kisha jioni hurudi vivyo hivyo. Tuseme ni kilomita 10 kwa kila basi kwa siku, ambazo kwa mwezi ni kilomita tupu 750. Dizeli na matairi havijui kwamba kilomita hizo hazina nauli. Kwa hiyo gharama za mwendo tutazihesabu kwa kilomita 36,750.

Tuanze na mafuta. Basi la ukubwa huu likienda kilomita 3.5 kwa lita, mwezi unahitaji lita 10,500. EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta nchini, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo mwezi mmoja wa kalenda huwa na bei mbili, na hesabu safi hutumia risiti za pampu badala ya bei moja ya kukisia. Sisi tutumie Sh170 kwa lita. Inakuwa Sh1,785,000. Hakuna gharama nyingine itakayoikaribia.

Matairi, oili na chujio, na matengenezo huhesabiwa kwa kilomita, si kwa mwezi ambao pesa ilitoka. Seti ya matairi sita ikigharimu Sh270,000 na kudumu kilomita 60,000, kila kilomita imekula Sh4.50, hata kama mwezi huu hukununua tairi hata moja. Oili na chujio tuseme ni Sh3.50, na matengenezo Sh6. Jumla ni Sh14 kwa kilomita, yaani Sh514,500. Mwenye basi anayeandika matairi siku anayonunua atauona mwezi mmoja una hasara kubwa na miezi minne ina faida tamu, na yote mitano itakuwa ya uongo. Ongeza ada za steji na posho ya safari, Sh500 kila safari, upate Sh150,000. Gharama za mwendo zimefika Sh2,449,500.

Mishahara tunaihamishia upande wa gharama za kudumu, maana hulipwa mwezi kwa mwezi basi likienda lisiende. Hapa kuna jambo ambalo hesabu nyingi hulipita. Safari nne za Malindi ni zaidi ya saa 8 za usukani, na Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Kwa hiyo basi moja linahitaji madereva wawili. Anayepanga mshahara wa dereva mmoja hajapunguza gharama. Ameificha tu ndani ya hatari ya ajali. Tuweke madereva sita kwa Sh35,000 na makondakta sita kwa Sh25,000, jumla Sh360,000. Mwajiri ana mchango wake juu ya hapo, asilimia 6 ya NSSF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na hivyo mishahara inafika Sh387,000.

Sasa uchakavu, na hapa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapoteleza.

Basi jipya tuseme limenunuliwa Sh12,870,000 pamoja na bodi. Ndani ya bei hiyo kuna matairi sita mapya ya Sh270,000, na matairi tumeshayahesabu kwa kilomita. Tusipoyatoa tutayalipa mara mbili. Inabaki Sh12,600,000. Baada ya miaka minane tunatarajia kuliuza Sh1,800,000. Thamani itakayoliwa ni Sh10,800,000, na ukigawa kwa miezi 96 ni Sh112,500 kwa basi kila mwezi. Kwa mabasi matatu ni Sh337,500.

Kuna wanaopenda kuligawa kwa kilomita. Basi likitarajiwa kukimbia kilomita 1,200,000 maishani mwake, uchakavu ni Sh9 kwa kilomita, na kwa mwezi wetu inatoka Sh330,750, karibu sawa. Tofauti huonekana basi likisimama. Kwa njia ya kilomita, basi lililolala uani mwezi mzima halina uchakavu wowote. Kwa Nairobi ungeweza kunishawishi. Kwa Mombasa sikubali: hewa ya chumvi inakula bodi usiku na mchana, na basi lililosimama mwezi mzima limezeeka mwezi mzima. Isitoshe, mnunuzi huuliza mwaka wa gari kabla ya kuuliza mita. Ndiyo maana hapa nimeuweka uchakavu upande wa gharama za kudumu.

Kosa kubwa zaidi ni kuuchanganya uchakavu na mkopo. “Basi hili nimeshamaliza kulilipa, sasa ni faida tupu,” husema mwenye basi. Kumaliza mkopo hakulizuii basi kuchakaa. Asipoweka kando zile Sh112,500 kila mwezi, mwaka wa nane atakuwa na chuma kikuukuu na hana pesa za kununua jingine, na nauli aliyoiita faida ilikuwa basi lenyewe likiuzwa kidogo kidogo. Kosa la upande wa pili ni kuandika malipo yote ya benki na uchakavu pia. Sehemu ya malipo inayopunguza deni si gharama, maana gharama ya basi tayari imo kwenye uchakavu. Riba ndiyo gharama, na inaandikwa mstari wake peke yake. Kwetu tuseme ni Sh95,500.

Yaliyobaki tuyapite haraka. Bima hulipwa kwa mwaka lakini huingia kwenye hesabu kwa mwezi, leseni na ukaguzi vivyo hivyo. Halafu kuna kodi ya uani, mlinzi, ofisi ya tiketi, karani na meneja. Jumla Sh400,000. Ukiunganisha na mishahara, uchakavu na riba, gharama za kudumu ni Sh1,220,000. Gharama zote za mwezi ni Sh3,669,500, na kila safari moja kati ya zile 300 imebeba takribani Sh12,232.

Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi, kwa sababu ina risiti. Nusu ya pili ni abiria.

Muulize karani basi lilikuwa limejaa kiasi gani, naye atakujibu, “Mzee, lilitoka na watu 45.” Watu 45 kwa viti 50 ni asilimia 90. Jibu ni la kweli pale steji tu. Tulifuate basi hilo njiani. Umbali nimeukadiria: Mtwapa kilomita 20, Kilifi kilomita 60, Malindi 120.

Kutoka Mombasa hadi Mtwapa lina watu 45. Mtwapa wanashuka 10, wanapanda 4, wanabaki 39. Kilifi wanashuka 19, wanapanda 7, na 27 ndio wanaofika Malindi. Sasa zidisha watu kwa umbali wa kila kipande. Kipande cha kwanza ni 45 mara 20, yaani 900. Cha pili ni 39 mara 40, yaani 1,560. Cha tatu ni 27 mara 60, yaani 1,620. Jumla ni kilomita-abiria 4,080. Viti 50 kwa kilomita 120 vingetoa 6,000. Basi lililotoka na asilimia 90 lilikuwa kweli na asilimia 68, maana kipande kirefu kuliko vyote ndicho kilichokuwa na watu wachache kuliko vyote.

Kuna anayehesabu tiketi. Safari hiyo iliuza tiketi 56, yaani 45 za mwanzo, 4 za Mtwapa na 7 za Kilifi. Akizidisha 56 kwa 120 atapata 6,720, zaidi ya uwezo wa basi lenyewe, na hakuna aliyesimama njia nzima. Ukiona kwenye daftari la kampuni kwamba mabasi yamejaa kupita asilimia 100, usisherehekee. Kuna mtu amempeleka Malindi abiria wa Mtwapa.

Ili namba hii ipatikane, karatasi ya safari ya kondakta lazima iwe na nafasi za vichwa kwa kila kipande, si jumla ya pesa tu. Ni hapa ndipo mtindo wa hesabu unapomnyima mwenye basi habari. Pale kondakta anapotakiwa kuleta kiasi fulani kwa siku na kinachozidi ni chake na dereva, mwenye basi anajua pesa aliyoletewa tu. Hajui nani alikaa wapi, wala kwa umbali gani. Anaweza kukaa miaka kumi kwenye biashara hii asiujue ujazo wa basi lake hata mara moja.

Tuseme kampuni yetu imekusanya karatasi zote 300, za asubuhi zilizojaa na za saa nane mchana zilizo tupu, na wastani umetoka kilomita-abiria 3,900 kwa safari, ujazo wa asilimia 65. Mwezi mzima ni 1,170,000. Gawa Sh3,669,500 kwa hiyo, na jibu ni Sh3.14 kwa kilomita-abiria.

Yule aliyeridhika na asilimia 90 ya steji angegawa kwa 1,620,000 na kupata Sh2.27. Angeamini kwamba abiria wa Malindi anamgharimu Sh272, akatoza Sh300 na kujiona mjanja. Gharama halisi ya wastani ni Sh376. Gharama hazikubadilika hata senti. Aliyemponza ni yule abiria aliyeshuka Kilifi akaendelea kuhesabiwa.

Sh3.14 haimaanishi kila nauli iwe umbali mara 3.14. Safari yetu ile ilitoza Sh350 kwenda Malindi, Sh200 kwenda Kilifi, Sh100 kwenda Mtwapa, na viwango vyake kwa waliopanda njiani: Sh150 kutoka Mtwapa hadi Kilifi, Sh300 kutoka Mtwapa hadi Malindi na Sh200 kutoka Kilifi hadi Malindi. Wa Malindi waliotoka Mombasa walikuwa 18, wa Kilifi 17, wa Mtwapa 10. Waliopanda Mtwapa wawili walishukia Kilifi na wawili wakaendelea, na saba wa Kilifi wote walifika Malindi. Jumla ya nauli ni Sh13,000. Igawe kwa 4,080 na utapata Sh3.19 kwa kilomita-abiria. Tuseme huo ndio wastani wa mapato wa mwezi mzima. Gharama Sh3.14, mapato Sh3.19: faida ni senti tano.

Senti hizo tano ni pesa nyembamba, na kinachozitoboa mara nyingi ni mafuta. Kilomita kwa lita zikishuka kutoka 3.5 hadi 3.1, mwezi unadai lita 1,355 zaidi, karibu Sh230,000, nazo ni senti 20 kwa kila kilomita-abiria. Faida imekwenda na zaidi ya faida. Kuligundua hilo kunahitaji nidhamu moja: jaza tangi mpaka juu, andika mita, jaza tena mpaka juu, kisha gawa kilomita kwa lita za mara ya pili. Fanya kwa kila basi peke yake. Mabasi mawili yakibaki 3.5 na moja likaanguka, angalia nozeli na upepo wa matairi kwanza. Vikiwa sawa na dereva mmoja ndiye ambaye zamu zake zinaanguka, huenda dizeli inanyonywa. Yakianguka yote matatu kwa pamoja, huenda ni foleni ya barabarani, au pampu unayonunulia haipimi sawa.

Cha pili kinachozitoboa ni basi kulala gereji. Basi moja likisimama mwezi mzima, safari zinakuwa 200. Gharama za mwendo zinashuka hadi Sh1,633,000, lakini Sh1,220,000 za kudumu zinabaki palepale. Hata ujazo usipobadilika, kilomita-abiria ni 780,000 na gharama inapanda hadi Sh3.66. Hapo mabasi mawili yanafanya kazi nzuri kabisa na kampuni inapata hasara, na madereva wake hawataelewa kwa nini meneja ana uso mrefu. Kwa hiyo namba ya mwezi mmoja si ya kupangia nauli ya mwaka. Pwani ina Desemba na Aprili yenye wageni, na ina Mei ya masika. Chukua gharama na kilomita-abiria za miezi 12, ndipo upange nauli.

Namba hii ina mpaka wake pia, na watu huuvuka. Abiria wa Malindi kwa Sh350 analipa Sh2.92 kwa kilomita, chini ya Sh3.14. Wa Mtwapa analipa Sh5. Je, kondakta awakatae wa Malindi na kupakia wa Mtwapa? Hapana. Wa Mtwapa akishuka, kiti chake kinaweza kwenda kilomita 100 kitupu. Katika safari yetu walishuka kumi na wakapanda wanne. Sh3.14 ni wastani wa kampuni nzima, si gharama ya kumwongeza mtu mmoja kwenye kiti ambacho kingekuwa tupu, ambayo ni karibu sufuri.

Vivyo hivyo kwa safari ya ziada. Meneja anauliza kama basi lirudi Malindi saa moja usiku, ambapo nauli haizidi Sh9,000 kwa safari. Akilinganisha na Sh12,232 atakataa. Lakini mishahara, bima, uchakavu na ofisi vimeshalipwa na safari za mchana. Safari hiyo inaongeza gharama za mwendo tu, wastani wa Sh8,165. Itaacha kama Sh835 za kusaidia kulipia vile vya kudumu, na kwenda na kurudi itaacha Sh1,670. Kwa hesabu hiyo, iende. Ila madereva wote wawili wa basi hilo wakiwa wameshakaribia saa zao 8, atahitajika dereva wa tatu, na kondakta naye hawezi kuamka alfajiri na kulala usiku wa manane. Wakilipwa hao wawili jumla ya Sh2,500 kwa usiku huo, safari iliyokuwa ikiacha Sh1,670 sasa inapoteza Sh830, na basi lilale uani.